Ankara Imepita Siku: Kipi Kweli na Kipi Uongo Kuhusu Riba ya Kuchelewa

Alfajiri Asembo Bay, kabla jua halijapanda juu ya Ghuba ya Winam, kreti za ngege hupangwa na kumwagiwa barafu, kisha gari linashika barabara ya Ndori kuelekea Kisumu. Ikifika saa nne samaki wako jikoni mwa hoteli, na kufikia jioni wameshaliwa. Pesa yao ndiyo inayokawia. Mteja wa rejareja hulipa papo hapo kwa M-Pesa, lakini hoteli hununua kwa ankara na kulipa baada ya siku 30, au 45, au mhasibu atakaporudi kutoka safari.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wafugaji wa samaki wa vizimba na mama samaki kupanga vitabu vyao vya hesabu na kuandika barua zao za biashara. Barua inayowatoa jasho kuliko zote ni ile ya kumwambia mteja mzuri, ambaye bado wanamhitaji, kwamba ankara yake imepita siku na kwamba riba iliyo katika mkataba imeanza kuhesabiwa. Inawatia hofu kwa sababu wameshaambiwa mambo mengi kuihusu, na mengi kati ya hayo si kweli. Nitayapitia yale ninayoyasikia mara kwa mara, nikitumia mfano mmoja: mama mwenye vizimba amepeleka kilo 300 za ngege kwa hoteli ya Kisumu kwa shilingi 400 kwa kilo. Ankara ni ya shilingi 120,000, imeandikwa tarehe 3 Machi 2025, na inapaswa kulipwa ndani ya siku 30, yaani kufikia tarehe 2 Aprili.

"Mteja akichelewa, riba inaanza yenyewe."

Si kweli, na kosa hili ndilo linalowaumiza watu kuliko mengine yote.

Sheria ya mikataba ya Kenya imejengwa juu ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Sheria yetu ya Mahakama ya mwaka 1967 inasema tunafuata sheria hiyo jinsi ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na ya wananchi wake inavyoruhusu. Miaka minne kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1893, Bunge la Mabwana la Uingereza lilikuwa limeamua kesi kati ya kampuni mbili za reli na kushikilia kwamba deni la kawaida halizai riba kwa sababu tu limechelewa kulipwa. Mabwana wale walikiri kwamba jambo hilo halikuwa la haki sana kwa mdai, lakini wakaliacha lilivyo.

Mahakama yetu ya Rufani ililieleza suala hili vizuri mwaka 2006 katika kesi ya Highway Furniture Mart dhidi ya Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais. Riba ya kipindi cha kabla ya kwenda mahakamani lazima iwe na mzizi. Mzizi huo unaweza kuwa makubaliano ya pande mbili, au sheria iliyoandikwa, au desturi ya biashara hiyo, ambayo mdai atalazimika kuithibitisha, au mwenendo wa pande hizo mbili unaoonyesha kwamba walikubaliana. Kumbuka pia kwamba ukiiuzia samaki hospitali ya kaunti au shule ya umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inasema taasisi hulipa riba kwa kiasi kilichochelewa, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hoteli ya mtu binafsi huna sheria ya namna hiyo ya kuegemea. Una mkataba wako tu.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote kwa mteja, fungua mkataba na uutafute mstari wenyewe. Wa mama wetu ni kifungu cha 6: kiasi kitakachopita siku ya malipo kitatozwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba isiyozaliana, ikihesabiwa kwa siku na kila mwezi ukichukuliwa kuwa siku 30. Hoteli imetia sahihi chini yake, naye ana nakala. Bila mstari huo, barua ya riba ni ombi tu, na mteja anaweza kulikataa bila kuvunja ahadi yoyote.

"Nimeandika masharti ya riba chini ya ankara, inatosha."

Mara nyingi haitoshi. Ankara huja baada ya makubaliano. Samaki wameshaagizwa, bei imeshakubaliwa, mzigo umeshapokelewa na mpishi, ndipo karatasi inapofika ikiwa na herufi ndogo chini yake. Huwezi kumfungia mtu masharti mapya baada ya kupeana mikono.

Hata hivyo nimeona hali ambayo herufi hizo zinakuwa na nguvu. Ikiwa umempelekea mteja ankara 20 zenye maneno yale yale, na mara mbili tatu amelipa riba bila kunung'unika, una ushahidi wa mwenendo wenu. Lakini huo ni mzigo wa kuthibitisha, na unaweza kujiepusha nao kwa kurasa mbili zilizotiwa sahihi kabla ya kreti ya kwanza kupakiwa.

"Kumtajia mteja riba ni kukosa heshima."

Hapa nina msimamo mkali. Naamini kinachokosa heshima ni kunyamaza.

Tufanye hesabu. Asilimia 1.5 ya shilingi 120,000 ni shilingi 1,800 kwa mwezi, ambayo ukiigawanya kwa siku 30 unapata shilingi 60 kwa siku. Riba inaanza kuhesabiwa tarehe 3 Aprili. Ukimwandikia mhasibu tarehe 12 Aprili, zimepita siku 10, na riba ni shilingi 600. Kiasi hicho meneja anaweza kukiidhinisha bila kuitisha mkutano. Ukinyamaza kwa sababu ya haya na kuandika tarehe 17 Mei, zimepita siku 45, na riba ni shilingi 2,700. Mteja atauliza kwa haki kabisa: kwa nini uliiacha ikue bila kuniambia? Anayepewa habari mapema anabaki na nafasi ya kuchagua, na hiyo ni heshima. Anayeshtukizwa ananyimwa nafasi hiyo.

Kwetu huku mazungumzo hutangulia karatasi. Kama mwenye hoteli ni mzee, mpigie simu kwanza, mwite Jaduong', muulize hali ya nyumbani, kisha mweleze kwamba utatuma barua kuhusu ankara ya Machi ili asishangae akiiona. Usimwambie kwenye simu ni riba kiasi gani. Tarakimu ni za barua, na barua ni ya mhasibu. Usimpelekee mpishi aliyepokea samaki, kwa sababu hana mamlaka ya kulipa, na ujumbe ukipita jikoni unageuka uvumi.

Kabla ya kuandika, jikague. Je, ankara ilifika kweli, na kwa nani? Je, hati ya kupokea mzigo ina sahihi? Je, mkataba unahesabu siku 30 kuanzia tarehe ya ankara, au siku ilipopokelewa? Nimeshaona barua kali ikitumwa kwa mteja ambaye ankara yake ilikuwa bado imelala kwenye dashibodi ya gari la samaki. Angalia pia uzito. Samaki hupungua uzito njiani barafu ikiyeyuka, na kama hoteli ilipima kilo 287 wakati wewe umeandika 300, una mgogoro wa kilo 13, ambao ni shilingi 5,200. Malizeni hilo kwanza. Kudai riba juu ya kiasi ambacho mteja amekipinga kwa sababu ya maana ndiko kunakoharibu biashara.

Ukishajiridhisha, barua yenyewe ni fupi. Hii hapa ndiyo ningeiandika kwa niaba ya mama wetu:

"Bi. Mhasibu, salamu kutoka Asembo Bay. Tunashukuru kwa kuendelea kununua samaki kwetu. Naandika kuhusu ankara nambari 14 ya tarehe 3 Machi, ya shilingi 120,000, kwa kilo 300 za ngege zilizopokelewa hotelini siku hiyo. Ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 2 Aprili, na hadi leo asubuhi sijaiona kwenye akaunti. Kama imeshatumwa, naomba nambari ya muamala ili niifuatilie benki.

"Kifungu cha 6 cha mkataba wetu kinaweka riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa kiasi kilichochelewa, ikihesabiwa kwa siku. Kwa ankara hii ni shilingi 60 kwa siku kuanzia tarehe 3 Aprili. Kufikia leo, tarehe 12, ni siku 10, yaani shilingi 600, na jumla ni shilingi 120,600.

"Kama kuna tatizo lolote kuhusu mzigo au ankara, tafadhali nijulishe kabla ya tarehe 19 Aprili. Ankara ikilipwa kamili kufikia siku hiyo, nitaachilia riba ya ankara hii peke yake. Masharti ya mkataba yanabaki kama yalivyo kwa ankara nyingine zote. Asante."

Tazama barua inavyokwenda. Inaanza kwa kumwachia mteja mlango: huenda amelipa na pesa imekwama. Katika suala la riba anayesema ni kifungu cha 6, si hasira ya mwandishi, na hakuna neno kama "mmekataa", "mmepuuza" wala "nimechoka". Shilingi 60 kwa siku zimetajwa wazi, kwa hiyo mhasibu akilipa tarehe 25 anajua mwenyewe cha kuongeza, wala hahitaji kukupigia. Na tarehe 19 inampa siku saba za kuidhinisha malipo, muda ambao ofisi yoyote ya hesabu inaweza kuutumia.

Usiandike "riba itaanza kuhesabiwa msipolipa haraka" wakati mkataba unasema imeshaanza. Watu huandika hivyo kwa kutaka kulainisha maneno, kisha mteja anasoma kwamba riba haijaanza, na barua hiyo anaiweka vizuri kwenye faili lake.

"Nikisamehe riba mara moja, nimeisamehe daima."

Nusu kweli, na ndiyo sababu ya yale maneno "ya ankara hii peke yake".

Kusamehe mara moja, kwa maandishi, ukisema ni mara moja, hakufuti kifungu. Hatari iko kwenye kuzoeana. Ukipokea malipo yaliyochelewa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima bila kutaja riba, mteja anaweza kusema kwamba wewe mwenyewe ulimwonyesha kwa matendo yako kuwa kifungu cha 6 kimelala, naye akapanga mambo yake hivyo. Mahakama zetu humsikiliza mtu wa namna hiyo. Lakini kilicholala kinaweza kuamshwa. Mwandikie kwamba kwa muda umekuwa ukivumilia ucheleweshaji, na kwamba kuanzia ankara za mwezi fulani ujao kifungu cha 6 kitafuatwa kama kilivyoandikwa. Mpe notisi ya kutosha na usirudi nyuma kukusanya riba ya mwaka uliovumilia. Riba hiyo iache iende.

Kuna pia wanaodhani kwamba wakikaa kimya miezi michache deni limekufa. Deni la mkataba lina miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, na mteja akilipa sehemu yake au akikiri kwa maandishi, hesabu ya miaka inaanza upya.

"Mteja akilipa ankara yenyewe, riba imeisha."

Si lazima, na kuna kisa cha London ambacho kila mwenye kudai anafaa kukijua.

Mwaka 1875 Bi. Julia Beer alishinda kesi dhidi ya Daktari Foakes na akapewa hukumu ya pauni 2,090 na shilingi 19. Daktari hakuwa na pesa zote, akaomba muda. Desemba 1876 waliandikiana: alipe pauni 500 mara moja, kisha pauni 150 kila nusu mwaka hadi deni liishe, naye Bi. Beer asichukue hatua yoyote juu ya hukumu ile. Karatasi haikutaja riba popote. Daktari alilipa yote, hadi senti ya mwisho. Ndipo Bi. Beer alipodai riba ambayo sheria ya Uingereza iliweka juu ya deni la hukumu. Daktari alisema wamemalizana. Mwaka 1884 Bunge la Mabwana lilimpa Bi. Beer ushindi: kulipa deni peke yake hakumfungi mdai kuachilia riba, hata kama ameahidi, ikiwa hakupewa chochote cha ziada badala ya ahadi hiyo.

Hukumu hiyo ilitolewa kabla ya mwaka 1897, kwa hiyo ni sehemu ya urithi tulioupokea. Lakini usiichukue kama ruhusa ya kuvizia. Riba ya Bi. Beer ilitokana na sheria. Yako inatokana na karatasi yako. Tena kisa chenyewe kinaonyesha kasoro iliyozaa ugomvi: walikubaliana kuhusu awamu za malipo bila kuandika riba itakuwaje. Mteja wako akiomba kulipa kwa awamu, jibu kwa maandishi na utaje riba, ama inaendelea, ama inasimama, ama imeachiliwa.

Kuwa makini pia na malipo ya sehemu. Tuseme tarehe 17 Mei hoteli inatuma shilingi 50,000 bila maelezo. Mdaiwa ana haki ya kwanza kusema pesa zake ni za nini. Akinyamaza, mdai anaweza kuamua. Mama wetu anaweza kukata kwanza riba ya shilingi 2,700, na zile 47,300 zinazobaki akazipunguza kwenye deni, ambalo sasa linakuwa shilingi 72,700. Riba ya siku inashuka hadi shilingi 36 na senti 35. Aandike hivyo kwenye risiti siku hiyo hiyo. Na asitie sahihi kwenye karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" kama bado anadai.

"Mkikubaliana, asilimia yoyote inapita."

Si kweli kabisa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba haiwaandikii watu mkataba mpya. Ilisema hivyo mwaka 2001 katika kesi ya Benki ya Taifa ya Kenya na kampuni ya Pipeplastic Samkolit. Lakini mahakama hizo hizo hutofautisha fidia na adhabu. Asilimia 1.5 kwa mwezi ni 18 kwa mwaka, na mama wetu anaweza kueleza ilikotoka, kwa sababu pesa za hoteli zikikwama yeye hukopa benki kununua chakula cha samaki. Asilimia 10 kwa wiki ni shilingi 12,000 kila wiki juu ya ankara hii, na katika wiki ya kumi riba imelingana na deni. Sioni utakavyomweleza hakimu kwamba hiyo ni hasara yako ya kweli. Vilevile riba juu ya riba haiji hivi hivi. Kama mkataba haukusema inazaliana, haizaliani.

Huenda umesikia kwamba riba haiwezi kupita deni lenyewe. Kanuni hiyo ipo, lakini imo katika Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, nayo inahusu mikopo ya benki isiyolipika. Mama samaki si benki.

Kwa mteja Mwislamu, na Kisumu wako wengi wenye maduka na hoteli, neno lenyewe riba ni zito, kwa kuwa dini inamkataza kuitoa na kuipokea. Litajeni kabla ya kusaini, si baada ya kuchelewa. Benki za Kiislamu huweka tozo ya kuchelewa ambayo huenda kwenye sadaka, haibaki kwa mdai. Wengine hukubaliana malipo ya nusu kabla ya mzigo kutoka, na suala linaishia hapo.

"Barua ya adabu haina nguvu mahakamani."

Uongo. Barua ile ya tarehe 12 Aprili ina tarehe, kiasi, kifungu, hesabu na nafasi ya mteja kupinga. Hivyo ndivyo vitu ambavyo hakimu wa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, atataka kuviona. Ujumbe wa WhatsApp nao unapokewa kama ushahidi, mradi uandamane na cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi. Na ukishinda, usisahau kuomba riba itajwe ndani ya amri yenyewe. Amri ikikaa kimya, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inakuhesabia asilimia 6 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu, hata kama mkataba wako ulisema 18.

Kama unapeleka samaki hotelini kwa ankara na huna kifungu cha riba, usimwandikie mteja barua ya riba wiki hii. Mwandikie ukiomba mkutane kabla ya mzigo ujao, na uende na karatasi mbili na kalamu.